Fishi ya mgonjwa wa Goma ikilala Dublin

Je, kliniki ya Goma ikiweka fishi za wagonjwa kwenye seva za Ulaya, na zimefungwa kwa paswedi, siri yetu inaingia wapi mashakani?

Inaingia kwenye sheria. Paswedi inamzuia mwizi, lakini haimzuii hakimu. Fishi ikishatoka Goma inaanza kutawaliwa na sheria ya nchi iliko seva, pamoja na sheria ya nchi inayoiamuru kampuni yenye seva. Nchi hizo mbili mara nyingi si moja.

Hilo lilionekana wazi mwaka 2013. Hakimu wa New York, katika uchunguzi wa madawa ya kulevya, aliiamuru Microsoft itoe barua pepe za mteja mmoja. Barua zenyewe zilikuwa Dublin, Ayalandi. Kampuni ilikataa, ikisema amri ya hakimu wa Marekani haivuki bahari. Ilishindwa 2014, ikashinda katika rufaa 2016, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kabla haijaamuliwa, mwezi wa tatu 2018, Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act: kampuni iliyo chini ya sheria zake, ikiamriwa, hutoa data iliyo mikononi mwake, popote duniani seva ilipo.

Sasa chukua mama aliyepimwa ukimwi hapa Goma. Jina lake, namba ya simu na majibu ya kipimo viko Dublin, kwa kampuni ya Kimarekani. Amri ikitoka Marekani, huenda yeye wala daktari wake wasiarifiwe, na mahakama ya Goma haina mkono wa kuizuia. Kongo inayo sheria ya numeriki, Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, nayo inaweka masharti kwa anayepeleka data za watu nje. Lakini inaibana kliniki kwanza. Kule Dublin haina polisi.

Kinachobadilisha mambo ni ufunguo wa usimbaji, yaani kugeuza maandishi yasisomeke na asiye na ufunguo. Wauzaji wengi husema «data imesimbwa», na ni kweli, ila ufunguo wanautunza wao, kwa hiyo wakiamriwa wanaweza kuifungua. Kliniki ikisimba fishi kwenye kompyuta yake kabla ya kuzituma, na ufunguo ukabaki Goma, kampuni itatoa maandishi yasiyosomeka. Hasara yake ni kubwa: ufunguo ukipotea, fishi zote zimepotea. Basi nakala yake iwekwe mahali pa pili, mbali na kompyuta hiyo.

Kabla ya kusaini mkataba, muulize muuzaji nakala za akiba ziko nchi gani, maana seva ikiwa Dublin, akiba inaweza kuwa kwingine kabisa. Uliza pia zinafutwa baada ya siku ngapi mkataba ukiisha. Jibu liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, maana kurasa za matangazo hubadilishwa wakati wowote.