Jedwali la ngeli: kwa nini mti ni "mzuri" lakini "umeanguka"

Anayejifunza Kiswahili mara nyingi huanza na kikombe. *Kikombe changu kizuri kimeanguka.* Wingi wake: *Vikombe vyangu vizuri vimeanguka.* Kila neno limevaa sare moja, ki- au vi-, hata ch- na vy- zinaonekana ni ndugu zao. Mwanafunzi anahitimisha kwamba kiambishi cha nomino hunakiliwa mbele ya kila neno linaloifuata. Kesho yake anakutana na mti, anaandika *mti mangu mzuri mmeanguka*, na hajui alipokosea.

Kosa si lake peke yake. Ngeli ya KI-VI ndiyo inayodanganya, kwa sababu ndani yake mambo mawili tofauti yametokea kufanana: umbo la nomino yenyewe, na alama ambayo nomino hiyo hupandikiza kwenye kitenzi na maneno mengine. Katika mti mambo hayo yameachana. Umbo ni m- katika umoja na mi- katika wingi. Alama ya upatanisho ni u- katika umoja na i- katika wingi. Ndiyo maana vitabu vingine huiita ngeli hii M-MI na vingine U-I. Jina la kwanza limetoka kwenye umbo, la pili kwenye upatanisho, na ngeli ni ile ile. Shule za Kenya hutumia zaidi majina ya upatanisho. Ukikuta ngeli zimepewa namba, mfumo huo huhesabu umoja na wingi kila mmoja peke yake: mtu ni 1, watu 2, mti 3, miti 4.

Hili hapa jedwali la ngeli sita zinazobeba nomino nyingi. Lisome kwa safu, na uangalie hasa safu ya sifa dhidi ya safu ya kitenzi.

| Ngeli | Nomino | Sifa (-zuri) | -angu | Kionyeshi | Kitenzi |
|---|---|---|---|---|---|
| A | mtu | mzuri | wangu | huyu | ameanguka |
| WA | watu | wazuri | wangu | hawa | wameanguka |
| U | mti | mzuri | wangu | huu | umeanguka |
| I | miti | mizuri | yangu | hii | imeanguka |
| LI | tunda | zuri | langu | hili | limeanguka |
| YA | matunda | mazuri | yangu | haya | yameanguka |
| KI | kikombe | kizuri | changu | hiki | kimeanguka |
| VI | vikombe | vizuri | vyangu | hivi | vimeanguka |
| I | nyumba | nzuri | yangu | hii | imeanguka |
| ZI | nyumba | nzuri | zangu | hizi | zimeanguka |
| U | ukuta | mzuri | wangu | huu | umeanguka |
| ZI | kuta | nzuri | zangu | hizi | zimeanguka |

Kanuni inayojitokeza ni hii: sifa hufuata umbo, vilivyobaki hufuata alama ya upatanisho. *Mti mzuri*, *miti mizuri*, *matunda mazuri*: sifa imeiga kichwa cha nomino. Lakini *umeanguka*, *imeanguka*, *yameanguka* havina m-, mi- wala ma-. Namba huenda na sifa: *miti miwili*, *matunda matatu*, *nyumba mbili*. Zinazobadilika ni 1 hadi 5 na 8 tu. Sita, saba, tisa na kumi hazivai chochote, kwa hiyo *miti sita* ndiyo sahihi, na *miti misita* hakuna.

Safu za -angu na kionyeshi zinaonekana kama za kukariri, kumbe ukishaijua alama ya kitenzi unaweza kuziunda mwenyewe. Chukua alama, iunganishe na -angu, uone kinachotokea irabu mbili zikikutana. U na -angu ni *wangu*. I na -angu ni *yangu*. LI ikipoteza irabu yake inakuwa *langu*, ZI inakuwa *zangu*, KI inageuka *changu*, VI *vyangu*. Jifunze hivyo hivyo na -ako, -ake, -etu, -enu, -ao: *chako, chetu, chenu*. Hata kiunganishi cha -a hutoka humo: *mti wa Asha*, *tunda la Asha*, *kikombe cha Asha*, *kuta za nyumba*.

Kionyeshi cha karibu kina mtambo wake. Weka h-, kisha irabu ya alama, kisha alama yenyewe. LI: h-i-li, *hili*. KI: h-i-ki, *hiki*. YA: h-a-ya, *haya*. ZI: h-i-zi, *hizi*. U inatoa *huu* na I inatoa *hii*. Cha mbali ni chepesi zaidi, unaongeza -le: *lile, kile, yale, zile, ule, ile*. Alama hizo hizo huingia ndani ya kitenzi zinapokuwa za mtendwa: *nimekiona* (kikombe), *nimeuona* (mti), *nimeliona* (tunda), *nimeziona* (kuta). Ngeli ya A-WA pekee ndiyo inayokwenda upande katika umoja: kitenzi kina a-, kimilikishi kina w-, kionyeshi ni *huyu* na *yule*, na mtendwa ni m-, *nimemwona*. Hiyo ikaririwe tu. Inatumika kila siku, kwa hiyo haichukui muda kuzoeleka.

Tatizo linalofuata ni maneno yanayofanana huku yametoka ngeli tofauti. *Yangu* inaweza kuwa ya miti, ya matunda, au ya nyumba moja. *Imeanguka* inaweza kuwa miti mingi au nyumba moja. Ukisikia *yangu imeanguka* bila nomino, matunda unayaondoa, kwa kuwa hayo yangekuwa *yameanguka*, lakini miti na nyumba hutazitenganisha mpaka sifa ije: *mizuri* ni miti, *nzuri* ni nyumba. Vivyo hivyo *mti mzuri umeanguka* na *ukuta mzuri umeanguka* ni sawa mwanzo hadi mwisho katika umoja, na tofauti hutokea kwenye wingi. Kwa hiyo usijifunze nomino kwa umoja wake peke yake. Andika *ukuta, kuta*, *mti, miti*, *mtu, watu*. Kamusi nayo hufanya hivyo: karibu na neno huweka kiambishi cha wingi, na mara nyingi alama za upatanisho katika mabano, mfano u-/i- kwa mti.

Tazama tena *ukuta mzuri*. Kwa kanuni ya kuiga umbo ungetarajia *ukuta uzuri*, na wanafunzi wengi huandika hivyo. Katika Kiswahili cha leo nomino za u- huchukua sifa ya m-: *ukuta mrefu, ubao mweusi, ugali mzuri*. Ukisema *ukuta urefu* msikilizaji atasubiri umalizie, kwa sababu urefu ni nomino: *urefu wa ukuta*.

Safu inayosumbua kuliko zote ni ya *nzuri*, kwa sababu n- haikai popote inapowekwa. Mbele ya z, d na g inatulia: *nyumba nzuri, nyumba ndogo, nyumba ngumu*. Mbele ya b inakuwa m-: *nyumba mbaya, mbovu*. Mbele ya k, ch, f, p na t inatoweka: *nyumba kubwa, nyumba chache, nyumba fupi, nyumba tatu*. Mbele ya r inaigeuza r kuwa d: *nyumba ndefu*. Na -wili ikawa *mbili*. Mbele ya irabu inatokea ny-: *nyumba nyekundu, nyeupe*. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoonekana katika wingi wa ngeli ya U-ZI, ndiyo maana wingi huo unatisha bila sababu. Ukuta ukiondoa u- unabaki kuta, kwa kuwa n- haikai mbele ya k. Ubavu unatoa *mbavu*. Ulimi unatoa *ndimi*. Wimbo, wenye irabu baada ya w-, unatoa *nyimbo*, na uso, wenye mzizi mfupi mno, unatoa *nyuso*. Neno -pya limekataa sheria: *nyumba mpya*, kwa sababu mzizi wa silabi moja huhitaji kitu cha kuuegemeza. Kwa sababu hiyo hiyo tunda ni *zuri* bila kiambishi, lakini ni *jipya*. Na mzizi unaoanza na irabu hupata j-: *tunda jekundu*.

Sifa nyingine hazivai chochote katika ngeli yoyote, nyingi zikiwa na asili ya Kiarabu: *safi, ghali, rahisi, hodari, laini, tayari*. *Kikombe kisafi* ni kosa la mtu aliyeelewa kanuni akaizidisha.

Maneno ya kigeni nayo huingizwa kwenye jedwali kwa kichwa chake. Kitabu kilitoka Kiarabu, ambako ki si kiambishi hata kidogo, lakini Kiswahili kilipoisikia ki- kikaunda *vitabu*. Msikiti ukapata *misikiti*. Hata kipilefti cha barabarani kina *vipilefti*. Si kila neno lililotii, maana kilo imebaki I-ZI: *kilo mbili zimetosha*. Vilo hatuna.

Ngeli zilizobaki nje ya jedwali ni ndogo. Maji, maziwa na mafuta hayana umoja na hupatana kwa ya-: *maji yamemwagika*, ingawa mtaani utasikia *maji imemwagika*. Ugonjwa huchukua ma- katika wingi: *magonjwa yameenea*. Kitenzi kilichogeuzwa nomino hutumia ku-: *kusoma kwako kumesaidia*. Mahali kuna alama tatu, pa- kwa penye mpaka unaojulikana, ku- kwa pasipo mpaka, mu- kwa ndani: *mezani pale pana kikombe, mjini kule kuna watu, chumbani mle mna giza*.

Juu ya jedwali zima kuna sheria moja inayolipindua: chenye uhai wa mtu au mnyama hupatana kwa A-WA, umbo lake liwe lolote. Kifaranga kina ki-, lakini ni *kifaranga mdogo amekufa*, wingi *vifaranga wadogo wamekufa*. Kiboko *mkubwa* ni mnyama. Kiboko *kikubwa* ni fimbo ya kuchapia. Simba ana umbo la nyumba, na bado *simba wakubwa wamelala*. Mimea haihesabiwi humo: mchungwa *umekauka*, na chungwa lake *limeoza*. Kimilikishi ndicho kinachobakia na ukaidi kwa majina mengi ya jamaa na marafiki, kwani hushikilia I-ZI huku kitenzi na sifa vikihamia A-WA: *rafiki yangu mzuri amefika, rafiki zangu wazuri wamefika*. *Mama wangu* husemwa na mgeni aliyekariri jedwali vizuri mno.