Labramu ya nyonga ikichanika: picha huonyesha nini?

Labramu ni ukingo wa gegedu unaozunguka mdomo wa kikombe cha nyonga. Hufanya kazi kama raba ya mfuniko wa presha kuka: huziba ili ute usivuje na kichwa cha mfupa wa paja kitulie mahali pake.

Tuchukue mfano wa mnenguaji wa miaka 26 anayefanya mazoezi Temeke. Akichuchumaa chini kabisa, anabanwa ndani sana kinenani, na wakati mwingine nyonga inanasa kisha inaachia. Ukimwuliza panauma wapi, haonyeshi kwa kidole kimoja. Anaishika nyonga kwa kiganja, gumba likiwa nyuma na vidole mbele, kama herufi C. Kushika hivyo huelekeza kwenye kiungo chenyewe. Daktari akimlaza chali, akalikunja paja nyuzi 90, akalivuta goti upande wa pili na kulizungusha paja kwa ndani, maumivu yaleyale yanarudi. Hata hivyo, nyonga yenye tatizo jingine nayo huuma kwa kipimo hicho.

Eksirei ndiyo ya kwanza. Labramu haionekani humo, lakini umbo la mifupa linaonekana: nundu kwenye shingo ya paja, au kikombe kifupi kisichofunika vizuri. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ukishona labramu na kuacha kilichoichana, itaendelea kuumia.

Kisha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. Ombi liandikwe nyonga moja, ile inayouma. Picha ya fupanyonga zima huwa haina undani wa kutosha. Mashine yenye sumaku ya kawaida inaweza kukosa mchaniko mdogo, ndiyo maana wakati mwingine dawa ya kung'arisha picha huchomwa ndani ya kiungo kwanza. Dawa hiyo ikipenya kati ya labramu na mfupa, ufa huonekana.

Ila ufa kuonekana haimaanishi ndio unaouma. Katika utafiti wa mwaka 2012, watu 45 wasio na maumivu ya nyonga walipigwa MRI, na asilimia 69 walikutwa na labramu iliyochanika. Kwa hiyo ganzi ichomwe ndani ya kiungo, hata kwa sindano ileile ya dawa ya picha, kisha mnenguaji achuchumae tena kabla haijaisha nguvu. Maumivu yakipungua sana, chanzo kimo ndani ya kiungo. Yakibaki vilevile, tafuta kwingine: kano inayoruka mbele ya nyonga, kwa mfano, huonekana kwa altrasaundi huku mguu ukichezeshwa.

Maumivu ya kinena yanayozidi kwa kila hatua, au akiruka kwa mguu mmoja, yasisubiri foleni. Huenda shingo ya paja imepata ufa wa uchovu, yaani mfupa umeanza kupasuka kwa kulemewa mara kwa mara. Mwanzoni eksirei inaweza kuukosa, hivyo aache kucheza, asiukanyagie mguu huo, na MRI ifanyike haraka kabla mfupa haujavunjika.