Upatu ni nini, na kwa nini wanataka utume kwa namba ya mtu binafsi

Neno upatu linachanganya watu maana hata ule mchezo wa kina mama mtaani wengine wanauita upatu, lakini ule wa kijumbe mko kumi, kila mtu anatoa elfu hamsini, zamu yako ikifika unabeba laki tano, yaani unapata ulichochanga, faida hakuna. Upatu unaokatazwa na sheria ni ule unaoahidiwa faida halafu faida yenyewe inatoka kwenye hela ya anayeingia nyuma yako.

Jirani yangu hapa Mbagala kaletewa mmoja, weka laki tano, kila mwezi laki na nusu, mtaji wako hauguswi. Nikakaa nae tukapiga hesabu. Watu kumi wakiweka ni milioni tano, na kila mwezi wanadai milioni moja na nusu. Miezi mitatu ya kwanza wanalipwa vizuri kabisa, imetoka milioni nne na nusu, ila ni hela zao wenyewe wanarudishiwa. Mwezi wa nne kwenye kibubu kuna laki tano tu, so lazima wapatikane wapya wawili ndo wote walipwe, mwezi wa tano wanatakiwa wapya wanne kwa sababu na wale wawili sasa wanadai, na inazidi hivohivo mpaka wapya wanakata. Ndo maana wanakupa komisheni ukileta mtu. Jirani akasema mbona shemeji kalipwa mara mbili, nikamwambia hiyo haithibitishi biashara ipo, hata kwenye upatu wa DECI watu walikuwa wanalipwa, wakiita kupanda mbegu, mpaka 2009 serikali ilipoingilia na viongozi wakaishia mahakama ya Kisutu.

Na asilimia 30 kwa mwezi ni 360 kwa mwaka jamani, wakati hatifungani ya serikali haifiki hata 20 kwa mwaka mzima!

Halafu watakuonyesha cheti cha BRELA. Kile kinasema kampuni imesajiliwa, basi, sio ruhusa ya kukusanya hela za watu. Kupokea amana ni leseni ya Benki Kuu, kuuza uwekezaji kama vipande vya mfuko ni leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na hao wote unaweza kuwauliza kwa jina la kampuni kabla hujatoa hata mia.

Ila dalili inayoonekana haraka kuliko zote ni pale unapotuma. Mfuko wenye leseni unapokea kwa jina la mfuko au kampuni, na hela inatunzwa benki, sio mfukoni kwa meneja. Ikiingia kwenye namba ya mtu ni ya kwake, anatoa kwa wakala saa hiyohiyo, na wewe umebaki na meseji inayosema umemtumia fulani hela, haisemi umewekeza. Kwa hiyo kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Jirani yangu alifika hapo, likatokea jina la yule dada aliyemwalika, akaghairi, akaomba akaunti ya kampuni, akajibiwa ipo kwenye matengenezo. Mpaka leo hajatumiwa.