Dagaa wakavu hawarudi uzito wao wa ubichi, hata ukiwaloweka usiku kucha

Kila ninapofundisha mapishi ya dagaa hapa Mwanza, mtu husema: "Si unawaloweka tu, wakishavimba unawapima?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo, basi leo naliandika.

Dhana: Resipe ikitaka gramu 600 za dagaa wabichi, loweka wakavu mpaka mizani isome 600.

Dagaa mbichi wa ziwani ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Kwa hiyo katika gramu 600 za wabichi, samaki mwenyewe, yaani nyama, mafuta na mifupa, ni kama gramu 150, na hizo 450 ni maji. Dagaa aliyekauka vizuri hubaki na maji kama asilimia 12. Gawanya 150 kwa 0.88 upate gramu 170. Hicho ndicho kiasi cha wakavu kinachobeba samaki yuleyule. Kwa haraka jikoni, gawanya uzito wa wabichi kwa tatu na nusu.

Sasa waloweke hao 170 kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi na tano. Watafika takriban mara mbili ya uzito wao, kisha wataanza kulegea bila kuongezeka sana. Jua lilipowakausha, protini za nyama zilijikunja na kushikana, na chembe zilizokuwa zimehifadhi maji zikapasuka. Maji huingia kwenye nafasi zilizobaki, lakini hayashikwi tena kama zamani. Ukiendelea kuloweka, unachopata ni ladha kutoka kwa samaki kwenda kwenye maji unayoyamwaga.

Anayesubiri mizani isome 600 huishia kuongeza dagaa. Ili afike huko anahitaji kama gramu 300 za wakavu, ambao walipokuwa wabichi walizidi kilo moja. Chungu kilichopangiwa watu wanne kinabeba samaki karibu mara mbili, nyanya na vitunguu ni vilevile, mchuzi unakuwa mzito na unakuwa mchungu kwa sababu ya matumbo ya dagaa. Halafu lawama zinaangukia dagaa wa soko la Kirumba!

Kwa hiyo pima wakiwa wakavu, kabla ya kuloweka, ila baada ya kupepeta. Waliokaushwa mchangani hubeba mchanga unaolipiwa na kupimwa pamoja nao. Waliokaushwa juu ya chanja ni wasafi zaidi, na mimi huwanunua hao hata wakiwa bei juu. Kama unatoa vichwa, pima baada ya kuvitoa, mradi resipe nayo inahesabu dagaa wasio na vichwa.

Angalia pia ukavu wenyewe. Mvua za masika zikinyesha, dagaa wa sokoni huwa na unyevu. Mkunje mmoja: akivunjika kwa mlio, hesabu ya 170 inafaa, akipinda bila kuvunjika, bado ana maji mengi. Akiwa na maji robo nzima, zile 600 zitataka gramu 200. Na waliopinda wasikae kwenye gunia, wataota ukungu.

Halafu kuna maji yaliyopotea. Gramu 600 za wabichi zingemwaga maji mengi kwenye sufuria. Hao 170, hata wakilowekwa, hawatayarudisha yote, kwa hiyo mchuzi wa wabichi ukiupika kwa wakavu uongeze nusu kikombe cha maji, onja, kisha uongeze tena ukihitaji. Kinyume chake, resipe ya wakavu ukiipika kwa wabichi, zidisha kwa tatu na nusu, kaanga kwanza mpaka maji yakauke, ndipo nyanya ziingie.

Dhana: Sado ni sado. Sado hupima nafasi, na dagaa wakavu huacha hewa nyingi katikati. Ukiwashindilia kidogo unabadilisha kiasi. Tumia mizani.

Dhana: Kayabo nayo igawanywe kwa tatu na nusu. Hapana. Sehemu ya uzito wa sangara wa chumvi ni chumvi yenyewe, na samaki huyo amepasuliwa na kutolewa matumbo. Loweka usiku kucha ukibadilisha maji, pima baada ya kuchuja na kutoa mifupa, na usitie chumvi ya resipe kabla ya kuonja.

Dhana: Kila kikavu kina kigawanyo kimoja. Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia 90 hivi, kwa hiyo gawanya kwa tisa: gramu 270 za mbichi ni 30 za mkavu, na maji yake ya kulowekea yachuje kwa kitambaa uyatie chunguni. Nyama ya embe gawanya kwa tano, lakini pima embe baada ya kumenya na kutoa kokwa.

Dhana: Dagaa wakavu wana protini mara tatu ya wabichi. Kwa gramu mia, ndiyo. Kwa samaki mmoja, ni ileile. Maji ndiyo yaliyoondoka. Anayechanganya unga wa uji wa mtoto asome kwenye jedwali lake kama kipimo ni cha wakavu au wabichi kabla ya kugusa mizani.