Ndoo moja ya makombo haisemi kitu: dhana potofu kuhusu chakula kinachopotea jikoni

Ukipita nyuma ya migahawa ya mchana mjini Mtwara, karibu kila jiko utakuta ndoo moja kubwa. Humo mna magamba ya samaki, maganda ya vitunguu, machicha ya nazi, ukoko, na wali uliorudi na sahani. Jioni anakuja mfugaji wa kuku na bata, anabeba, ndoo inasuuzwa, siku imekwisha. Mwenye mgahawa anabaki akijiuliza kwa nini wateja ni wengi lakini faida haionekani. Jibu lilikuwa ndani ya ndoo ile, ila lilichanganywa mpaka halisomeki.

Dhana: “Sisi hatutupi chakula, makombo yote yanaliwa na kuku.”

Kuku wa jirani analishwa wali ulionunuliwa kwa bei ya mchele. Tuseme mchele ni shilingi 2,500 kwa kilo. Kilo moja ikiiva inatoa kama kilo mbili na nusu za wali, kwa hiyo kila kilo ya wali inayoingia kwenye ndoo ni shilingi 1,000, bila kuhesabu nazi, mkaa na mikono ya mpishi. Kumpa mfugaji ni jambo jema, ni bora kuliko jalala. Lakini pima kabla hujampa, na pima ukiwa umetenganisha.

Weka ndoo tatu. Ya kwanza ni ya maandalizi: maganda, magamba, matumbo, kila kinachokatwa kabla ya moto. Ya pili ni ya sufuria: kilichopikwa kikabaki, kikaungua au kikachacha kabla ya kumfikia mteja. Ya tatu ni ya sahani: kilichopakuliwa, mteja akakiacha. Kila ndoo ina dawa yake. Ikijaa ya kwanza, tatizo lipo kwenye kisu au kwenye manunuzi. Ikijaa ya pili, unapika kingi kuliko wateja ulio nao. Ikijaa ya tatu, tatizo ni upawa. Ukiyachanganya yote kwenye ndoo moja utaishia kumlaumu mpishi kwa kosa la aliyekwenda sokoni.

Dhana: “Samaki ni samaki, taka zake hazikwepeki.”

Magamba na matumbo hayakwepeki, ni kweli. Kinachokwepeka ni kuuza samaki bila kujua amekugharimu kiasi gani. Chukua changu kilo 10 kutoka Feri, tuseme kwa shilingi 9,000 kila kilo. Ukishaparua magamba, ukatoa matumbo na matamvua, utabaki na kilo 8.5 hivi. Ukiwakaanga wazima au vipande na mifupa yake, bei yako halisi ni 90,000 gawanya kwa 8.5, yaani karibu shilingi 10,600 kwa kilo. Lakini ukiamua kutoa minofu mitupu kwa ajili ya wateja wa hotelini, unaweza kupata kilo 4.5 tu. Hapo kilo ya mnofu imekugharimu shilingi 20,000, samaki yuleyule, siku ileile. Wengi wanapanga bei ya sahani ya mnofu kwa kuangalia bei ya sokoni, halafu wanashangaa.

Kwa hiyo pima mara tatu: samaki alivyokuja, alivyosafishwa, na vipande vilivyo tayari kupikwa. Baada ya kupima mara kadhaa utajua kiwango cha kawaida cha jiko lako kwa kila aina ya samaki, na siku kikishuka utajua pa kutazama. Njia rahisi ya kukagua kisu ni kuchukua mfupa wa kati uliobaki na kuukwangua kwa kijiko. Mnofu ukitoka mwingi, kisu ni butu au mkono una haraka. Mfupa ukiwa safi na uzito bado mdogo, rudi sokoni: ama ulinunua samaki wadogo, ambao kichwa na matumbo vinachukua sehemu kubwa, ama samaki walikaa bila barafu wakalainika, mnofu unakatika hovyo na kubaki kwenye ngozi. Vichwa na mifupa ya changu, matamvua yakiwa yametolewa na damu imeoshwa, ni supu ya asubuhi. Hiyo iandike kama bidhaa inayouzwa, si kwenye ndoo ya kwanza.

Angalizo moja kuhusu pweza. Akichemshwa anaweza kupoteza hata nusu ya uzito wake, na mtu mgeni kwenye mizani anaweza kudhani ameibiwa. Hayo ni maji yametoka, wala hakuna kilichotupwa. Upungufu huo unaingia kwenye hesabu ya bei ya sahani, hauingii kwenye daftari la taka.

Dhana: “Nikipunguza wali, wateja watanihama.”

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nimewahi kumsikia mpishi wa siku nyingi akimwambia tajiri wake, “Bi mkubwa, mtu wa bandarini ukimpunguzia wali hagombi. Anamaliza, anashukuru, kesho humwoni.” Nakubaliana naye. Ndiyo maana haifai kupunguza kabla ya kusoma sahani.

Tuchukue mgahawa unaopika mchele kilo 12 kwa mchana. Unatoka wali kilo 30. Sahani 60 zinapakuliwa, kila moja gramu 480, na kilo 1.2 inabaki kama ukoko na masalia ya sufuria. Ndoo ya tatu inapopimwa ina wali kilo 4.8. Mwenye haraka atagawanya kwa 60, apate gramu 80, aamuru kila sahani ipunguzwe gramu 80. Hapo amekosea. Alipaswa kuhesabu pia sahani zilizorudi na chakula. Akihesabu anakuta sahani 40 zimerudi tupu, na 20 zimerudi na karibu nusu ya wali. Watu 40 wanataka wali wote ule na 20 hawauwezi. Wastani umewaficha wote wawili.

Ukiweka nusu sahani kwa nusu bei utaumia, kwa sababu wali ulioupunguza una thamani ya shilingi 240 tu ya mchele, ilhali samaki na mchuzi viko palepale. Njia inayofaa ni kupakua gramu 350 mwanzoni na kuwaambia wateja waziwazi kwamba nyongeza ni bure, kisha nyongeza iwe upawa mmoja wa gramu 130. Hata wale 40 wote wakiomba, utatoa kilo 21 za mwanzo na kilo 5.2 za nyongeza, jumla 26.2. Ukiongeza ukoko, mchele kilo 11 unatosha. Kilo moja kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 65,000 kwa mwezi, na hakuna mteja aliyeondoka na njaa. Sharti ni moja: nyongeza itolewe kwa uso mkunjufu. Mhudumu akinuna, mpango umekufa.

Upawa nao upimwe. Pakua sahani tano kwa upawa uleule, ziweke kwenye mizani. Mkono wa mtu mmoja unaweza kutofautiana kuliko unavyodhani, na mikono ya wapakuaji wawili zaidi. Bakuli dogo la kushindilia wali linamaliza ubishi.

Halafu tazama wali uliorudi una sura gani. Ukiwa umelowa mchuzi, mteja ameshiba. Ukiwa mkavu, mweupe, umesogezwa pembeni ya sahani, mchuzi ulimwishia kabla ya wali. Huyo anahitaji kijiko kimoja zaidi cha mchuzi, wala upawa hauhusiki. Mizani haiwezi kukuonyesha hilo, anayeliona ni anayekusanya sahani. Mwombe akuambie.

Dhana: “Kiporo kikichemka vizuri kina usalama.”

Kwa wali na kwa samaki, kauli hii imewahi kuwaumiza watu. Wali una bakteria ambao mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka. Sufuria ikikaa mezani kwenye joto letu la pwani mchana kutwa, mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haiharibiwi kwa kupasha moto. Samaki kama jodari, nguru na vibua wakikaa bila barafu wanajenga histamini, nayo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mlaji anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Mara nyingi hakuna harufu ya kukuonya.

Kiporo salama kinaanza kwenye namna ya kupoza. Ondoa wali kwenye sufuria ungali wa moto, utandaze kwenye sinia kina cha vidole viwili, na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake upashwe mpaka utoe mvuke hadi katikati, mara moja tu. Kama friji yako haina nafasi au umeme unakatika, usiwe na kiporo cha wali kabisa. Pika kwa awamu: kilo 7 za kwanza, kisha kilo 4 ukiona watu wanaendelea kuja. Chakula kilichorudi na sahani hakipashwi kwa ajili ya mtu mwingine, hata kikionekana hakijaguswa.

Kwa mbaazi, ambazo huku kwetu hazikosekani, jambo linalosaidia ni tui. Mbaazi za nazi huchacha upesi. Kwa hiyo chemsha mbaazi za kutosha, zigawe, tia tui kwenye fungu la kuuzwa leo tu. Fungu lingine lipoze na kuliweka kwenye friji bila nazi, liungwe kesho asubuhi kwa ajili ya chapati. Wali mweupe uliopozwa vizuri nao unaweza kusagwa na kuingia kwenye rojo la vitumbua.

Dhana: “Kuandika ni mambo ya hoteli kubwa.”

Daftari la shule na mizani ya jikoni vinatosha. Andika tarehe, ndoo ipi, kitu gani, uzito na sababu kwa maneno mawili: “uliungua”, “mvua, watu hawakuja”. Linganisha Ijumaa na Ijumaa, na msimu wa korosho na msimu wa korosho, kwa sababu kuanzia Oktoba fedha ikianza kuzunguka hata ulaji unabadilika. Hesabu za Ramadhani zikae peke yake.

Na usimkate mpishi mshahara kwa uzito wa ndoo. Siku utakapomkata, ndoo itakuwa nyepesi, daftari litapendeza, na chakula kitapita mlango wa nyuma kabla hakijapimwa.