Maelezo ya polisi si ushahidi: shahidi anaposimama mahakamani

Mtu anaitwa kituoni, anakaa na askari mpelelezi nusu saa, yanaandikwa maelezo yake, anatia sahihi au dole gumba, kisha anarudi mtaani akisema, "Mimi nimeshatoa ushahidi wangu." Samansi ya mahakama inapomfikia miezi kadhaa baadaye, anaona kama anasumbuliwa bure. Wengine hawaendi kabisa. Wengine wanaenda, na wakiulizwa walichokiona wanamjibu hakimu kwamba kila kitu kiko kwenye yale waliyoandika polisi, yasomwe. Hapo kesi inaanza kulegea, na aliyeibiwa au kujeruhiwa analaumu mahakama.

Hapa Tanzania, ushahidi wa mdomo ni yale anayoyasema shahidi mwenyewe mbele ya hakimu au jaji, baada ya kuapa au kuthibitisha kwamba atasema kweli, huku upande wa pili upo, unasikia na una haki ya kumuuliza maswali. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka pia uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana alisimulie aliyeliona, na la kusikika alisimulie aliyelisikia. Hiyo ndiyo maana yake, na haina utata mkubwa. Utata uko kwenye kuuchanganya na maelezo.

Maelezo ya polisi huandikwa na askari. Wewe unasimulia, yeye anachagua neno la kuandika. Ulisema "kijana mmoja mrefu hivi", yeye kaandika "kijana mrefu mweusi". Ulisema "baada ya isha", yeye kaandika "majira ya saa 2:00 usiku". Hana nia mbaya, ndivyo anavyoandika kila siku. Lakini siku ile hukuapishwa mbele ya mahakama, na mshtakiwa hakuwepo kukuuliza, "Uliniona vipi na kulikuwa na giza?" Kwa hiyo maelezo yanawasaidia wapelelezi na waendesha mashtaka kujua una nini cha kusema. Hayaingii mahakamani kwa niaba yako. Sheria ina milango michache, kwa mfano shahidi akiwa amefariki au hawezi kupatikana, na hapo napo kuna masharti ya kutimiza kwanza. Maelezo ya onyo, yale anayotoa mshtakiwa polisi baada ya kuonywa, ni habari nyingine kabisa, siyazungumzii hapa.

Tofauti hii inabadilisha namna shahidi anavyojiandaa. Anayeamini kwamba ushahidi ni ile karatasi anakuja kuikariri. Anajifunza saa, tarehe na maneno ya askari kama mwanafunzi anayengoja mtihani, na swali la kwanza lisilofuata mpangilio wa karatasi linamvuruga. Anayejua kwamba ushahidi ni kile alichokiona anakuja na kumbukumbu yake, na swali likitoka upande wowote anarudi pale pale alipokuwa amesimama usiku ule.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana genge la mboga. Usiku anafunga, vijana wawili wanampora jirani yake mwenye duka la miamala ya simu. Anamtambua mmoja wao, kijana wa mtaa wa pili aliyezoea kununua nyanya kwake. Kesi inaanza, yeye ni shahidi wa pili wa Jamhuri. Karani anamwapisha, anataja jina, umri, kazi na dini, kisha wakili wa Serikali anaanza kumwongoza.

Neno hilo "kumwongoza" huwapotosha wengi. Katika hatua hii wakili aliyekuita haruhusiwi kukutilia jibu mdomoni kwenye jambo lenye ubishi. Hawezi kuuliza, "Ulimwona mshtakiwa akichukua pesa, sivyo?" Atauliza, "Nini kilitokea?" Kwa hiyo anayebeba simulizi ni wewe, na usichokisema hakuna atakayekisema badala yako. Mama wa genge akisema tu, "Nilimwona, namfahamu, ni huyu hapa," amesema kweli yote kwa moyo wake lakini mahakama imebaki mikono mitupu.

Sababu ni kwamba utambuzi wa usiku ndio ushahidi unaokosewa kirahisi hata na watu wakweli. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikitaka kujua shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Kusema "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi, kwa kuwa taa zinapishana. Shahidi anatakiwa aseme ni taa ya aina gani, ilikuwa wapi, na mwanga wake ulifika wapi. Mama yetu anasema hivi: "Kuna balbu ya umeme juu ya mlango wa duka, inamulika mpaka kwenye meza yangu, naitumia kuhesabia chenji. Yeye alisimama chini ya ile balbu akinitazama. Kati yetu palikuwa kama kutoka hapa hadi kwenye lile benchi la mbele. Kofia alivaa, lakini uso ulikuwa wazi. Ananunuaga nyanya kwangu tangu mwaka juzi." Hajatumia neno hata moja la kisheria, ila kila kitu kimo.

Angalia hapo alivyosema umbali. Kunyoosha mkono na kusema "kutoka hapa hadi pale" hakuandikiki. Akitaja benchi, hakimu anaweza kukadiria hatua na kuziingiza kwenye kumbukumbu. Rufaa ikikatwa, majaji hawatakuona wala kusikia sauti yako, watasoma kilichoandikwa tu. Na katika mahakama nyingi hakimu anaandika kwa mkono. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hata hivyo kalamu haikimbii kama ulimi. Sema sentensi, tazama kalamu, ikisimama endelea. Hii ndiyo maana halisi ya kusema kwa ufasaha mahakamani, na haihusiani na Kiswahili cha redioni. Kutikisa kichwa nako hakuandikiki. Sema "ndiyo" au "hapana" kwa sauti.

Kuna jambo moja ambalo mama atafanya vizuri kulisema bila kungoja kubanwa: kwamba alimtaja kijana yule usiku ule ule kwa mjumbe na kwa askari waliofika. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunaupa ushahidi uzito, na kuchelewa bila sababu kunaufanya utiliwe shaka. Bila shaka aliseme kama kweli alimtaja. Kama aliogopa akanyamaza hadi kesho yake, aseme hivyo na aseme kilichomwogopesha.

Sasa yanakuja maswali ya dodoso, yale anayouliza wakili wa upande wa pili, na hapa ndipo kwenye kero yangu ya pili. Watu husema wakili wa utetezi "alimgombeza shahidi" au "alitaka kumfunga". Dodoso ni kazi yake. Katika hatua hii sheria inamruhusu kuuliza maswali yenye jibu ndani yake, anayotaka ujibu "ndiyo" au "hapana", na anaruhusiwa kupima ukweli wako na kumbukumbu yako. Anasimama na maelezo yako ya polisi mkononi:

"Leo umesema ilikuwa imekaribia saa mbili na nusu. Polisi ulisema saa mbili kamili. Lipi uongo?"

Shahidi aliyekariri karatasi hushtuka hapa. Anasema askari alikosea, mara anasema alisahau, mara anakana kwamba sahihi ni yake. Kumbe tofauti haikufika hata dakika thelathini, na mahakama ina desturi ya kutenganisha mikanganyiko midogo ya kawaida na ile inayogusa kiini cha kesi. Kilichomwangusha ni mikanganyiko mipya aliyoizalisha pale pale kwa kuikimbia ya kwanza. Jibu la mama lilikuwa karibu sana: "Sikutazama saa siku ile. Ninachojua isha ilikuwa imeshaadhiniwa na nilikuwa nafunga mboga. Polisi nilikadiria, na leo nimekadiria."

Ana haki pia ya kusema, "Naomba nisomewe hapo panaposema hivyo." Wakili anayetaka kutumia maelezo yako ya awali kukupinga anapaswa kukuonyesha au kukusomea sehemu husika, upate nafasi ya kuieleza. Kuomba hivyo si ukaidi, na hakimu haoni vibaya.

Utulivu unaosemwa sana unatokana zaidi na kujua kwamba baada ya dodoso wakili aliyekuita anarudi kukuuliza tena, ili kufafanua yaliyoachwa nusu. Kwa hiyo ukiulizwa, "Alivaa kofia, ndiyo au hapana?" jibu "ndiyo" na unyamaze. Usikimbilie kuongeza "lakini". Wakili wako akiwa makini atauliza, "Ulisema alivaa kofia. Ulimtambuaje?" na hapo utasema kofia haikufunika uso. Mashahidi wengi hupandisha sauti kwa kudhani hiyo ndiyo nafasi yao ya mwisho. Hakimu naye ana mamlaka ya kuandika anavyoona mwenendo wa shahidi anapojibu. Akiandika kwamba shahidi alikuwa mkali na anakwepa maswali, maandishi hayo yatafika hadi kwenye rufaa.

Na kuna majibu matatu ambayo shahidi mkweli asiyafanye moja. "Sikuona" ni kwamba ulikuwepo na jambo halikukufikia machoni. "Sijui" ni kwamba hujawahi kulijua. "Sikumbuki" ni kwamba uliwahi kulijua, likakutoka. Mama akiulizwa kijana wa pili alivaa viatu gani, jibu ni "sikuona". Akisema "sikumbuki", amefungua mlango wa kuulizwa mbona rangi ya kofia anaikumbuka. Mtu anayesema "sijui" penye kutojua hapunguzi uzito wake. Katika shauri la Goodluck Kyando, Mahakama ya Rufani ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito za kutomwamini, na sababu hizo mara nyingi shahidi huzitengeneza mwenyewe kwa kujibu asichokijua.

Kwa hiyo, ndugu, jirani na hata baadhi ya askari wanaomwambia shahidi "kariri maelezo yako, usibadilishe hata neno", nia yenu ni njema ila mnampeleka pabaya. Ni afadhali ayapitie kwa utulivu anapokutana na wakili wa Serikali kabla ya kesi, na kama kuna mahali askari aliandika tofauti na alivyosema, amweleze wakili hapo hapo. Akimaliza kutoa ushahidi, anaweza kumwomba hakimu asomewe yaliyoandikwa kabla hajashuka kizimbani. Hiyo ni haki yake kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na akiona neno lisilo lake, huo ndio wakati wa kulisema.