Kwa nini siwezi kufuta ukurasa wa biashara niliomwachia mwenzangu?

“Nilimpa mwenzangu uadmini wa ukurasa wetu wa Facebook, kisha nikajitoa. Sasa biashara tumeifunga, nataka kuufuta, mbona sehemu ya kufutia siioni?”

Kwa sababu ulipojitoa uliiacha huko huko. Facebook haimtambui mwanzilishi wa ukurasa. Inachotazama ni nani mwenye Full control, yaani mamlaka kamili, leo, na huyo tu ndiye anayeweza kufuta. Hata kama wewe ndiye uliyeufungua, ukaupa jina na kupakia picha ya kwanza, ukishajitoa unabaki mtazamaji kama mteja yeyote.

Watu wengi hukwama kwa kuchanganya mambo mawili. Kujitoa kwenye uadmini hakuufuti ukurasa, bali kunakutoa wewe peke yako, nao unaendelea kuonekana na kupokea meseji. Kuifuta akaunti yako binafsi nako hakusaidii ikiwa mwenzako bado ana mamlaka kamili. Ukurasa hupotea pamoja na akaunti pale tu ulipokuwa msimamizi pekee, na hapo mara nyingi huwa ni ajali: mtu kaichoka Facebook, kafuta akaunti yake, na ukurasa wa duka ukaenda nayo.

Kwa hiyo njia ni mbili: mwenzako aufute yeye, au akurudishie mamlaka. Kukurudishia, anaingia kwenye ukurasa, anafungua Settings, kisha Page setup, halafu Page access, anatafuta jina lako na kukutumia mwaliko. Hapo kuna swichi ndogo ya kuruhusu udhibiti kamili. Asipoiwasha, utaweza kuposti na kujibu meseji, lakini kufuta hutaweza. Na mwaliko ni mwaliko tu: mpaka uukubali, hujawa msimamizi.

Ukishapata mamlaka, usikimbilie kufuta. Kwanza simamisha matangazo yote ya kulipia, maana deni la matangazo liko kwenye akaunti ya matangazo na halifutiki kwa kuufuta ukurasa. Pili, pakua nakala ya taarifa za ukurasa, hasa picha na meseji za wateja. Baadaye hakuna wa kumwomba. Kama ukurasa umesajiliwa chini ya akaunti ya pamoja ya biashara, ile inayosimamiwa kupitia Meta Business Suite, angalia nani anaimiliki, kwa kuwa wasimamizi wake ndio wenye kauli ya mwisho juu ya nani aingie.

Sasa kufuta kwenyewe, kwa kompyuta. Badili kutoka wasifu wako kwenda kwenye ukurasa kwa kubofya picha yako juu kulia. Ukishakuwa ndani ya ukurasa, bofya picha hiyo tena, kisha Settings & privacy, halafu Settings. Upande wa kushoto tafuta Access and control. Utaona njia mbili, Deactivate Page na Delete Page. Ya kwanza inauficha ukurasa mpaka utakapouwasha tena, ya pili ni safari ya kufutwa kabisa. Utaulizwa nenosiri, nalo ni la akaunti yako binafsi, kwani ukurasa hauna nenosiri lake. Majina ya vitufe hubadilika mara kwa mara, ila mtiririko huu ndio huo.

Ukurasa haufutiki saa ile ile. Unaondoka machoni pa watu, halafu zinaanza kuhesabiwa siku 30 ambazo ombi linaweza kubatilishwa. Chukua washirika wawili wenye mamlaka kamili. Mmoja anaomba ufutwe tarehe 1 Machi. Tarehe 20 Machi mwingine, ambaye hakushirikishwa, anaingia na kulibatilisha ombi. Ukurasa unarudi hewani na wote wawili wanashangaa. Ndiyo maana ni busara kukubaliana kwanza, kisha abaki msimamizi mmoja tu mpaka siku hizo ziishe.

Ukitaka kuhakiki, fungua kiungo cha ukurasa kwenye dirisha la siri la kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti. Usipouona, jua tu kwamba umefichwa. Kwa mtu wa nje, ukurasa uliozimwa na unaosubiri kufutwa huonekana vilevile, yaani hauonekani. Msimamizi ndiye anayeweza kutofautisha, akiingia kwenye mipangilio.

Akaunti ya Instagram iliyounganishwa haiguswi na haya yote. Hiyo hufutwa kivyake, na anayeifuta ni mwenye nenosiri lake.

Na kwa anayepanga kumwachia mwenzake leo: usijitoe kabla hajakubali mwaliko na kufungua ukurasa kwa simu yake mwenyewe mbele yako. Akipoteza akaunti yake baadaye, wewe uliyejitoa huna tena uwezo wa kumwalika mtu mwingine.